Kikao Kikichafuka, Andika Kilichotokea: Barua kwa Waandishi wa Mihutasari ya Vyama vya Msingi, Nachingwea na Ruangwa

Ndugu mameneja na makatibu,

YAH: NAMNA YA KUANDIKA MABISHANO YA BODI

Nawaandikia ninyi mnaoshika kalamu wakati bodi ya AMCOS inabishana, kwa sababu mabishano yakiisha na watu wakarudi makwao, kinachobaki ni karatasi yenu. Mkaguzi kutoka COASCO hakuwepo. Ofisa ushirika wa wilaya huenda hakuwepo. Mwanachama wa Mnacho au wa Naipanga hakuwepo kabisa, na ndiye anayekatwa. Wote watasoma, au watasomewa, mlichoandika ninyi.

Kama mwanachama nimesoma mihutasari mingi, na kuna sentensi moja naikuta karibu kila faili: "Wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana kwa pamoja." Nimeikuta hata kwenye vikao ambavyo kijiji kizima kilisikia kelele zake. Sidhani kama huwa inaandikwa kwa hila. Mara nyingi meneja anataka amani, au anaona aibu chama chake kionekane kinagombana, au amechoka tu na saa imefika kumi na mbili. Lakini madhara yake hayaangalii nia.

Nieleze kwa mfano. Kikao nitakachokisimulia nimekitunga mwenyewe, si cha chama chochote, ila aliyewahi kukaa bodi msimu wa korosho atakitambua.

Lori limeondoka ghala la chama na magunia 300. Mzani wa chama ulisoma kilo 24,000. Kwenye ghala kuu mzani ukasoma 23,390. Zimepungua kilo 610, na tukichukua bei ya mnada ya shilingi 3,000 kwa kilo, hapo zimepotea shilingi 1,830,000. Bodi ya watu tisa inakaa kuamua nani abebe hasara hiyo. Wajumbe watatu wanasema ni unyaufu tu, korosho zilikaa ghalani wiki tano kwenye jua la Oktoba na Novemba. Watatu wengine wanasema unyaufu ni kisingizio, ghala lilifunguliwa usiku na mtunza ghala alipe. Mtunza ghala anaitwa, anakana. Wawili wanasema tatizo ni mizani, na kwamba mzani wa chama haujaguswa na Wakala wa Vipimo msimu huu. Mjumbe wa tisa, mama mmoja mkimya, anasema hatatoa neno mpaka aone daftari la ghala. Daftari halipo kikaoni. Mmoja anauliza korosho zilipokelewa na unyevu gani, hakuna anayejua.

Wanapiga kura. Watano wanataka upungufu ugawanywe kwa wakulima wote wenye mzigo ule, kila mtu kwa uwiano wa kilo zake. Watatu wanapinga. Yule mama hapigi. Aliyeleta kilo 400 atakatwa kilo 10 hivi, yaani shilingi 30,000 na ushee.

Sasa tazama muhtasari unaotoka kesho yake: "Wajumbe walijadili upungufu wa kilo 610 na kukubaliana kuwa umetokana na unyaufu, hivyo ugawanywe kwa wakulima wote."

Humo mna makosa mengi kuliko maneno. Walioamini unyaufu ni watatu, si tisa. Hata hao watano wa kura si kitu kimoja, kwa kuwa wale wawili wa mizani walisema wazi kwamba wanaunga mkono mgao ili malipo yasichelewe, maana mnada umeshapita na watu wanasubiri ada za shule. Hawakuikubali hoja ya unyaufu hata chembe. Bodi iliamua nani alipe. Haikuamua kilo zilikwenda wapi. Mwandishi amechukua uamuzi wa kwanza akaushonea sababu ambayo bodi haikuitoa, na tangu siku hiyo unyaufu ni msimamo rasmi wa chama.

Ona kinachofuata. Msimu ujao zikipungua kilo 900, mwenyekiti atafungua faili na kusema, "Hili tulishalimaliza, ni unyaufu." Mtunza ghala ambaye pengine ni mwizi amesafishwa kwa maandishi. Au pengine si mwizi, na angependa daftari liletwe limsafishe kwa haki, lakini sasa hakuna anayelitafuta, na minong'ono itamfuata mpaka kaburini. Mzani nao utaendelea kupima ulivyozoea. Na wale watatu waliopinga, siku Mrajis akitumia mamlaka yake ya kuwatoza fidia waliokitia chama hasara, watakuwa na nini cha kuonyesha? Karatasi inasema walikubali.

Nitaugusa huo unyaufu kidogo, kwa sababu unafundisha jinsi ya kuandika swali lililobaki wazi. Korosho ikikauka inapoteza maji tu, kilo za korosho kavu yenyewe hazipungui. Tuseme ghala kuu lilipima na kupata unyevu wa asilimia 9. Kama siku zilipopokelewa chamani zilikuwa na unyevu wa asilimia 10, basi katika kilo 24,000 kulikuwa na kilo 21,600 zisizo maji, na kilo hizo zikiwa na unyevu wa asilimia 9 zinakuwa 23,736. Unyaufu wa haki hapo ni kilo 264. Zinabaki kilo 346 ambazo jua halikuzila. Lakini kama zilipokelewa na unyevu wa asilimia 12, hesabu hiyohiyo inatoa unyaufu wa kilo 791, zaidi ya zile zilizopungua, na mtunza ghala hana kesi.

Kwa hiyo ubishi wote ule, meza zilizogongwa na maneno yaliyotupwa, ulikuwa unazunguka namba moja ambayo hakuna aliyekuwa nayo: unyevu wa korosho siku ya kupokelewa. Haukupimwa, au ulipimwa na haukuandikwa. Muhtasari unaosema "chanzo hakikujulikana" ni wa kweli lakini haumsaidii mtu. Unaosema "unyevu wakati wa kupokea haukuandikwa, hivyo kiasi cha unyaufu hakikuweza kukokotolewa" unamwambia msomaji ni mlango upi umefungwa na ufunguo wake ni upi. Tena msimu ujao mtu atakumbuka kupima.

Mimi ningekiandika kikao kile hivi, na mtaona hakirefuki sana:

"Kuhusu chanzo cha upungufu, bodi haikukubaliana. Wajumbe watatu walieleza kuwa ni unyaufu, kwa kuwa mzigo ulikaa ghalani wiki tano. Wajumbe watatu walieleza kuwa mzigo ulipungua ghalani, wakidai ghala lilifunguliwa usiku. Mtunza ghala aliitwa na akakana. Wajumbe wawili walitilia shaka mzani wa chama, ambao walisema haujahakikiwa msimu huu. Mjumbe mmoja alisema hatatoa maoni kabla ya kuona daftari la ghala, ambalo halikuletwa kikaoni.

Uamuzi: kwa kura tano dhidi ya tatu, mjumbe mmoja akiwa hakupiga, upungufu ugawanywe kwa wakulima wa shehena hiyo kwa uwiano wa kilo zao. Wawili kati ya waliounga mkono walieleza kuwa wanafanya hivyo ili malipo yasichelewe, na si kwa kukubali kuwa chanzo ni unyaufu.

Yaliyobaki wazi: unyevu wakati wa kupokea, usahihi wa mzani, madai ya ghala kufunguliwa usiku. Meneja alete daftari la ghala na cheti cha mzani kikao kijacho."

Mtaniuliza: mbona umeandika "wajumbe watatu" na si majina? Kwa kawaida hoja ndiyo inayohitaji kuhifadhiwa, na mjumbe anayejua jina lake litasomwa kijijini atajiuma ulimi kikao kijacho. Lakini mjumbe akisema "naomba jina langu liandikwe kuwa nimepinga", liandikwe, papo hapo, bila kumbembeleza aache. Hiyo ni ngao yake mbele ya Mrajis na mbele ya mkutano mkuu. Mwenyekiti asiyependa jambo hilo anaweza kununa, ila kalamu si yake.

Lililo gumu zaidi ni maneno makali. Kikao kikichemka mtu hasemi "nina shaka na utaratibu wa ufunguzi wa ghala." Anasema, "Wewe ni mwizi, na mwenyekiti anajua!" Wengine mnaruka sentensi hiyo yote kwa kuwa ni matusi, wengine mnaiandika nzima kwa kuwa ilisemwa. Njia zote mbili zinapotosha. Ndani ya tusi kuna dai, na dai lina haki ya kuandikwa: kwamba ghala lilifunguliwa nje ya saa, na kwamba mwenyekiti alikuwa na taarifa. Andika dai, andika jibu la aliyedaiwa, andika ni ushahidi gani ulionyeshwa au haukuonyeshwa. Tusi lenyewe liache lilale. Na kama mdai aliulizwa ushahidi akasema hana, hilo nalo liandikwe, maana kuacha tuhuma ya wizi ielee bila kusema kwamba haikuthibitishwa ni kumwonea mtu.

Hapo kuna mtego mdogo ambao sote tunauona na hatuusemi. Katika mihutasari yetu mwenyekiti "hufafanua", meneja "hueleza", ofisa "huelekeza", na mjumbe mwanamke au kijana "hulalamika". Walikuwa wanatoa hoja za namna moja. Someni mihutasari yenu mitatu ya mwisho mkiwa na kalamu nyekundu, mpige mstari chini ya kila kitenzi cha kusema, mtajionea wenyewe nani anapewa kipi.

Wapo wanaodhani kutenda haki ni kugawa mistari sawa. Sivyo. Kama wanane walisema hivi na mmoja vile, msomaji lazima ajue ni wanane kwa mmoja. Muhtasari unaosema "wapo waliounga mkono na wapo waliopinga" umempa yule mmoja uzito asiokuwa nao. Lakini pia msimnyang'anye sababu yake. Huenda yule mmoja ndiye pekee aliyekuja na karatasi mkononi. Idadi iandikwe kama idadi, na sababu kama sababu, msomaji azipime mwenyewe.

Nchi hii imewahi kuonyesha jambo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka Bara na Visiwani kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na takriban asilimia 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu anaweza kubishana na pendekezo lile mpaka leo, na watu wanabishana. Kinachowawezesha kubishana ni nini? Ni kwamba Tume haikuficha idadi. Haikuandika kwamba wananchi "walikubaliana" na vyama vingi. Tena ilipekua ndani ya ile asilimia 77 ikaeleza kwamba wengi wao walitaka mfumo wa chama kimoja urekebishwe, si ubaki ulivyo. Waliojibu neno moja hawakuwa na nia moja, kama wale watano wa kura yetu ya korosho. Maoni, sababu na uamuzi vilikaa kila kimoja mahali pake, na kwa hiyo miaka zaidi ya 30 baadaye tunaweza bado kuuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi.

Wakaguzi wa hesabu nao wana utaratibu wa kusema wasichokijua. Wanatoa hati yenye shaka, na hakuna anayewaambia wanaleta fitina. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliotuletea reli na kisha ukaiacha ing'olewe. Hesabu za shirika lililouendesha, za mwaka wa fedha uliokwisha Machi 1949, wakaguzi walikataa kuzipitisha kama zilivyo, wakaandika kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Mengi yalikuwa yamesemwa juu ya mradi ule katika Bunge la Uingereza na magazetini. Mstari wa wakaguzi ulikuwa mkavu, na ulisaidia kuliko hotuba zote.

Nirudi kwenye mambo ya ofisini. Kuna jambo moja mwandishi hapaswi kulifanya hata akiwa na akili kuliko bodi nzima: kuingiza hoja ambayo haikusemwa. Katika mfano wetu hakuna aliyeuliza kama wakulima watarudishiwa shilingi 30,000 zao ikija kuthibitika kwamba mtunza ghala ndiye mwenye kosa. Ni swali zuri mno. Hata ile hesabu yangu ya unyevu hakuna aliyeitoa. Msiziweke kwenye muhtasari kana kwamba zilijadiliwa. Mwandikieni mwenyekiti dokezo pembeni, ziwe ajenda ya kikao kijacho. Siku mkianza kuiboresha bodi kwenye karatasi, hata kwa nia njema, hakuna atakayejua tena ni kipi kilichosemwa na kipi mlichokifikiria usiku mkiandika.

Angalieni pia wakati wa kuthibitisha muhtasari. Mjumbe aliyesema jambo kwa hasira anakuja kikao kinachofuata amepoa, anaomba lifutwe. Muulizeni kitu kimoja: hukusema, au umebadili mawazo? Kama hakusema, sahihisheni. Kama amebadili mawazo, hiyo ni haki yake, na mahali pake ni kwenye Yatokanayo ya kikao cha leo: "Mjumbe aliyekuwa ametoa dai hili ameliondoa." La zamani linabaki. Na waliokaa kimya kikaoni msiwahesabu upande wowote. Kimya cha mjumbe kinaweza kuwa ridhaa, woga, au usingizi baada ya ugali, na nyinyi hamwezi kujua ni kipi.

Jambo la mwisho ni mkutano mkuu, ambako muhtasari hausomwi wote, unafupishwa na mwenyekiti kwa mdomo, kwa Kiswahili na mara nyingine kwa Kimwera ili wazee wasikie vizuri. Hapo ndipo mabishano hupotea mara ya pili, hata kama mliyaandika sawasawa. Naomba mwenyekiti apewe karatasi fupi yenye aya mbili asizoruhusiwa kuziunganisha: tulichoamua kwa kura kadhaa, na tusichokijua bado. Mkulima anayeambiwa "tumekukata kilo 10, bodi iligawanyika tano kwa tatu, chanzo bado hatujakijua, daftari la ghala litaletwa" anaweza kukasirika. Atauliza maswali, na mengine yatauma. Lakini anayeambiwa "bodi imekubaliana ni unyaufu", kisha jirani yake mjumbe akamnong'oneza kilabuni kwamba haikuwa hivyo, haulizi kitu. Msimu unaofuata mzigo wake mnauona unapita usiku kwenda kwa wa kangomba.

Kwa hiyo nina maombi mawili, moja kwenu na moja kwa uongozi wa RUNALI ambao nakala hii nawapelekea. Kwenu: kikao kijacho, mkifika Yatokanayo, anzeni na orodha ya maswali yaliyoachwa wazi, na lisifutwe swali lolote mpaka iandikwe limejibiwa na nini, au kwamba bodi imeamua kwa kura kuacha kulifuatilia. Kwa RUNALI: fomu ya muhtasari mnayovipa vyama iwe na nafasi ya kura za ndiyo, hapana na wasiopiga, na nafasi ya yaliyobaki wazi pamoja na mtu na tarehe. Na kwa kuwa mfano wangu ulikuwa wa korosho, ongezeni safu moja ya unyevu kwenye daftari la kupokelea mzigo, kabla magunia ya msimu ujao hayajaanza kuingia.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, Nachingwea